Kanga ya slaidi ya 7: nilivyojifunza kukagua maandishi ndani ya picha za kutengenezwa

Slaidi ya 7 ilikuwa na mama amepiga magoti kwenye mkeka, mbele yake kuna jagi la maji, mkononi ana pakiti ya ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha, anaimimina, na mtoto wake kakaa pembeni anamwangalia. Picha yenyewe nzuri, rangi zimetulia, na mi nilikuwa nimeipenda kuliko zote 14 nilizotengeneza kwa programu ya akili bandia kwa ajili ya mafunzo yale. Tulikuwa Muheza, Tanga, wahudumu wa afya ngazi ya jamii 22 ukumbini, somo la kuhara kwa watoto chini ya miaka 5. Nimeiweka tu kwenye projekta nikaanza kueleza, nikaona kina mama wa mstari wa nyuma wananong'onezana, halafu mmoja mtu mzima akanyoosha mkono.

"Mwalimu samahani, hiyo kanga imeandikwaje?"

Nikamwambia mama sijakuelewa, akasema "kanga ya huyo mama, jina lake, hebu lisome." Nikageuka nikasoma. Pale chini kwenye pindo, kwa herufi kubwa safi kabisa, imeandikwa MAPEZI YA MAMA HAYANA MWSHO. Mapezi! Na watu wa Tanga wanajua vizuri pezi ni la samaki, ukumbi mzima ukacheka. Mi sikuomba maandishi yoyote, nilisema tu mama amejifunga kanga, basi ile programu ya kuchora ikajua yenyewe kwamba kanga huwa na maneno ikaweka ya kwake.

Kicheko kilipoisha yule mama hakukaa. Akasema, na hili ndo lilinikaa kichwani mpaka leo, "sasa kama kanga imekosewa na hamkuona, hizo namba za kwenye jagi nani kazisoma?" Tukasogea wote. Jagi lilikuwa na mistari minne, kutoka chini imeandikwa 250, 500, 150, 1L. Yaani pale pa 750 pamekuwa 150. Na maji yaliyochorwa yalikuwa yanaishia kwenye huo mstari wa tatu, sio wa juu.

Sasa kwa asiyejua, pakiti moja ya ORS inachanganywa na lita 1 ya maji safi, pakiti nzima, lita nzima. Ukiweka maji pungufu chumvi inazidi, mtoto ambaye tayari kakaukiwa maji unamuongezea hatari, ukizidisha maji dawa inakuwa nyepesi haimsaidii inavyotakiwa. Hiyo picha ilikuwa inafundisha kosa lile lile ambalo mafunzo yaliitishwa kulizuia. Nikaizima slaidi, nikamalizia kwa jagi la kweli lililokuwa mezani, usiku ule kwenye chumba cha gesti nikaanza upya picha zote 14.

Hapa nataka nieleze nilichofanya na kwa nini, maana wengi tunaandaa slaidi za mafunzo siku hizi kwa hizi programu za kutengeneza picha na naona makosa haya haya yanarudi.

Kwanza ni kuelewa kwa nini maandishi yanaharibika. Programu hizi haziandiki, zinachora. Sisi tukiandika "zahanati" tunaweka herufi moja baada ya nyingine, yenyewe inachora umbo linalofanana na neno lililoandikwa kwenye ubao, kama mtu asiyejua Kiarabu anayenakili maandishi ya Kiarabu kwa kuangalia mikunjo tu. Na maneno ya Kiswahili imeyaona kwenye picha mara chache sana ukilinganisha na Kiingereza, kwa hiyo MAJI linaweza kutoka sawa, neno fupi, lakini ukifika KITUO CHA AFYA unaanza kuona herufi moja imerudiwa au imekatika, na sentensi nzima ndo kabisa. Programu za zamani zilikuwa zinatoa vijiti vijiti ambavyo kila mtu anaona sio herufi. Za sasa zinatoa herufi safi, zimenyooka, neno limekosewa herufi moja tu, na jicho lako linalisahihisha lenyewe bila kukuambia. Ndo maana mi niliiangalia ile kanga siku tatu nikasoma "mapenzi" kila mara. Akili inasoma inachotarajia.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza usiku ule: hakuna herufi wala namba itakayotoka kwenye programu ya kuchora. Hata moja. Maandishi yote yatawekwa na mimi juu ya picha, kwenye slaidi yenyewe, kwa fonti ya kawaida. Faida yake sio usahihi tu, maana neno lililo kwenye slaidi kama maandishi unaweza kulibadilisha mwenzako akigundua kosa, unaweza kulitafuta, na mtu wa wilaya nyingine akitaka aweke neno wanalotumia wao anaweka bila kugusa picha.

Lakini kuizuia isiandike ni kazi. Nilianza kwa kuandika mwishoni "bila maandishi yoyote" na ikaendelea kuandika, tena saa ingine ikazidi, maana neno "maandishi" limeshaingia kwenye maelekezo na picha inavutwa kuelekea huko. Kuna programu zina kisanduku chake cha vitu usivyovitaka, hapo ndo pa kuweka. Kama hakuna, kilichonisaidia mimi ni kuacha kusema kisichotakiwa nikasema kilichopo: pakiti nyeupe tupu yenye mstari mmoja wa kijani, jagi la plastiki la kuona ndani lisilo na alama, ubao wa mbao wa rangi moja juu ya mlango, fulana ya kijani ya rangi moja. Ukisema "ubao wa zahanati" inakuandikia ZAHANTI. Ukisema "ubao wa mbao wa bluu, mtupu" mara nyingi inakupa ubao mtupu.

Sasa suala la mtindo, na hapa ndo niligundua kitu ambacho sikuwahi kukiwaza. Picha zangu za kwanza zilikuwa na muonekano wa rangi za maji, ile inayotandaza rangi kama imelowa, kivuli laini, inapendeza sana. Nilipotaka kufuta lile neno la kwenye kanga kwa mkono nikashindwa, kila nikipaka panaonekana kiraka, kwa sababu rangi ya kanga ilikuwa inabadilika kila sentimita. Nikakaa nikawaza, kumbe mtindo nao unaathiri urahisi wa kurekebisha. Ukichagua mchoro wa rangi bapa, kila kitu rangi moja tu, mstari wa nje mzito unaolingana, basi neno lolote lililochomoza unachukua brashi, unachovya rangi ya pembeni yake, unapaka, dakika moja limeisha na hakuna atakayejua. Nikatupa picha zote za rangi za maji. Iliniuma maana nilizipenda, ila sijutii.

Nikaandika kipande kimoja cha mtindo nikakihifadhi kwenye faili, na hicho kinabandikwa kila picha bila kubadilisha hata nukta:

```
Mchoro wa rangi bapa, bila vivuli, bila mng'ao.
Mstari wa nje wa bluu iliyokoza, unene mmoja kila mahali.
Rangi 6 tu: bluu iliyokoza, chungwa, kijani, krimu,
kahawia ya ngozi, nyeupe.
Nyuma ni krimu tupu. Tunaangalia kwa mbele, usawa wa macho.
Upana 16:9, watu wako kushoto, kulia pako wazi.
```

Ile "kulia pako wazi" ni kwa ajili ya maneno ya slaidi. Chini ya hicho kipande ndo naandika tukio la picha husika, sentensi mbili au tatu. Zamani nilikuwa naandika upya kila mara, leo "mchoro rahisi" kesho "katuni safi" keshokutwa "kielelezo cha kisasa", mi naona ni kitu kimoja, programu inaona mitindo mitatu, na slaidi zinaonekana kama zimechorwa na watu watatu waliogombana.

Wahusika nao wanahitaji kitu cha kushikia. Nilitengeneza kwanza karatasi moja yenye yule mama peke yake, amesimama kwa mbele, kwa ubavu, na amekaa, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye fulana ya kijani. Nikarudia kama mara 9 mpaka nikaridhika, halafu hiyo karatasi naipakia kama picha ya kuigwa kila ninapoomba tukio jipya. Bila hiyo, mama wa slaidi ya 3 ana kilemba, wa slaidi ya 5 ana rasta, na mtoto anakua ghafla anafika miaka 4, na kwenye somo la dozi umri wa mtoto sio urembo. Vidonge vya zinki ni miligramu 10 kwa mtoto chini ya miezi 6 na 20 kwa aliyezidi hapo, sasa ukichora mtoto mkubwa kwenye slaidi ya mtoto mchanga umeshachanganya watu.

Kosa lingine nililokuwa nafanya ni kurekebisha picha moja mfululizo kwenye mazungumzo yale yale. Naiambia badilisha kikombe, inabadilisha, naiambia sogeza mkono, inasogeza, kumbe kila mara inachora picha NZIMA upya, sio kile kipande tu, na kila mzunguko rangi inahama kidogo, ile krimu inaelekea manjano, mstari unakuwa laini, sura inabadilika. Ukifika mara ya 6 ukiiweka pembeni ya ile ya kwanza unashtuka. Siku hizi nikitaka badiliko narudi kwenye mazungumzo mapya, kipande kile kile cha mtindo, karatasi ile ile ya wahusika, na maelezo ya tukio nimeyarekebisha. Hata zile programu zinazokuruhusu kupaka sehemu unayotaka ibadilike, usiamini kwamba pengine hapajaguswa, kagua yote upya.

Na maneno ya vitu vyetu inabidi uyaeleze. Nilisema sufuria ikanipa kikaango chenye mpini mrefu kama vya kwenye matangazo ya majiko. Nikabadilisha nikaandika sufuria ya aluminiamu, ya duara, pembeni wima, haina mpini, ina ukingo uliokunjwa nje, ndo nikapata sufuria anayoijua mama wa Muheza.

Hata na hayo yote rangi hazifanani kabisa. Unaweza kuiandikia programu namba ya rangi ikakupa inayokaribia tu. Kwa hiyo mwishoni nazilazimisha kwa ImageMagick, programu ya kurekebisha picha kwa kuandika amri. Natengeneza kijipicha chenye rangi zangu 6, halafu naiambia kila nukta ya picha ichukue rangi iliyo karibu nayo kati ya hizo:

```
magick xc:"#1F3A5F" xc:"#E07A3F" xc:"#3F8F5B" \
  xc:"#F6EBD3" xc:"#7A4A2E" xc:"#FFFFFF" +append rangi.png
magick picha-07.png +dither -remap rangi.png -resize 50% picha-07b.png
```

Lile `+dither` usiliache, bila hilo inachanganya vinukta vya rangi mbili kutafuta rangi ya katikati na picha inakuwa na chengachenga. Na `-resize 50%` iko pale kwa sababu ukilazimisha rangi 6 kingo za mistari zinakuwa na meno, ukiipunguza picha nusu zinalainika tena, kwa hiyo tengeneza picha kubwa tangu mwanzo, mara mbili ya unayohitaji. Mara ya kwanza niliweka rangi 5 nikaisahau kahawia ya ngozi, mama na mtoto wakatoka wa chungwa wote wawili. Ila hii njia ni ya michoro bapa tu, ukiijaribu kwenye rangi za maji au picha yenye vivuli unaiharibu.

Ukimaliza ziweke zote kwenye ubao mmoja uziangalie kwa pamoja, ndogo ndogo:

```
magick montage picha-*b.png -tile 4x -geometry 480x270+8+8 ubao.png
```

Ukiangalia moja moja kila picha iko sawa. Ukiziona 14 kwa pamoja, yenye mstari mwembamba au kichwa kikubwa inajitokeza yenyewe ndani ya sekunde mbili. Mi kwenye ubao wa kwanza nilitoa 3, moja mama alikuwa na macho ya nukta wakati kwingine kote ana macho kamili, na nilikuwa nimeiangalia ile picha zaidi ya mara 20 sijaona.

Turudi kwenye maandishi, maana ubao huo hausaidii huko, pale unahitaji kukuza. Mi nakagua kwa kuwaza kwanza, kabla ya kuangalia: kwenye hii picha ni vitu gani huku duniani huwa vimeandikwa? Kanga, ndio. Pakiti, chupa ya maji, jagi, kalenda ukutani, gunia la unga, fulana ya mtoto, mgongo wa jezi, kadi ya kliniki, skrini ya simu, bango la mlangoni. Na pembe ya chini kulia, maana saa ingine inaweka saini ya mchoraji ambaye hayupo, imeiga michoro ya watu. Halafu nakuza asilimia 300 napita kwenye hivyo vitu kimoja kimoja. Nikikuta herufi nazisoma kutoka nyuma kwenda mbele, O-H-S-W-M, hapo akili haina neno la kutarajia na kosa linaonekana.

Baada ya jicho napitisha mashine, tesseract, programu ya kusoma maandishi ndani ya picha, ambayo ina data ya Kiswahili, `swa`:

```
for f in picha-*b.png; do
  echo "== $f"
  tesseract "$f" - -l swa --psm 11
done
```

Ile `--psm 11` inaiambia itafute maandishi yaliyotapakaa popote, sio ukurasa wa kitabu. Kwa kuwa picha zangu zinatakiwa ziwe tupu, kazi yangu ni rahisi, jibu lolote lisilo tupu naenda kuangalia. Kuna kelele, mikunjo ya mkeka iliwahi kusomwa kama "lll" na "vv", hizo unazizoea. Iliyonisaidia ni picha ya 11, chupa ya maji nyuma kabisa ya mama, ndogo, mi niliipita, mashine ikatoa "1.SL". Kukuza nikakuta kweli imeandikwa hivo, sijui ni lita moja na nusu au nini, nikapaka rangi juu ikaisha.

Lakini msiitegemee peke yake. Maandishi yaliyopinda kufuata mwili, kama pindo la kanga kiunoni, mara nyingi haiyaoni kabisa. Nilirudi nikaijaribu kwenye ile picha mbovu ya mwanzo, ikasoma namba za jagi vizuri ikiwemo ile 150, ila mapezi haikuyaona. Jambo lingine ni kwamba yenyewe inakuambia kilichoandikwa, haikuambii kama ni sahihi, 150 ni namba nzuri tu kwa mashine, ni wewe unayejua kwamba kati ya 500 na 1L haiwezi kukaa.

Ya mwisho ni mtu ambaye hakuandika maelekezo ya picha. Nilimpa dada mmoja nesi wa hapo hapo wilayani laptopu, sikumwambia natafuta nini, nikamwambia dada niambie kila unachokisoma na kila unachokihesabu. Hakukuta herufi, akakuta saa. Slaidi ya 9 ilikuwa ya kumpa mtoto zinki kila siku muda ule ule, siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumeacha, na mi niliandika pembeni saa 2 asubuhi, saa ya ukutani kwenye picha inaonyesha saa nne na dakika kumi. Hizi programu karibu kila saa ya mishale zinaichora hivo, kwa sababu matangazo ya saa duniani kote yanapigwa picha mishale ikiwa hapo, imekaa kama mikono iliyonyooshwa. Niliomba upya mara 5 nikabadilisha maneno kila namna, mishale haikusogea. Nikaifuta mishale kwa brashi, nikaweka mistari miwili kwenye slaidi yenyewe, mfupi kwenye 8 mrefu kwenye 12, na namba za saa nazo nikazifuta nikaandika mwenyewe.

Slaidi ya 7 mpya ilichukua muda kuliko zote. Jagi nililiomba bila alama, ikanipa lenye mistari bila namba, nikapaka mistari. Maji yalikuwa nusu, nikaomba tena, jaribio la tatu maji yakafika karibu na mdomo wa jagi. Nikachora mstari mmoja tu, mmoja, juu ya maji hapo hapo yanapoishia, nikaandika "lita 1" kwa herufi za slaidi. Ile mistari ya 250 na 500 haikuwa na kazi yoyote kwenye somo, ilikuwepo kwa sababu jagi huwa nayo. Pakiti nyeupe nikaiandika ORS mwenyewe.

Ikabaki kanga. Mwenzangu alinishauri nimvalishe mama kitenge, hakina maandishi, yaishe. Nikakataa, kwa sababu ukimchorea mama wa Tanga nyumbani kwake na mtoto mgonjwa, halafu hana kanga, huyo sio mama wa Tanga. Na kama kanga ipo basi iwe na jina, na jina lisomeke, maana kina mama wanalisoma, hilo nililiona kwa macho. Kwa hiyo niliomba kanga ya chungwa yenye pindo la bluu iliyokoza pande zote na mji wenye maua makubwa, na juu ya pindo la chini ukanda wa krimu mtupu. Halafu kwenye Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari, nikachora mstari uliopinda kufuata ule ukanda kiunoni, nikaandika MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO, nikachagua mstari na maandishi pamoja, kwenye menyu ya Text nikabonyeza Put on Path, maneno yakalala juu ya kanga yakapinda nayo. Sehemu iliyokunjwa ubavuni nikaacha herufi zikatike, kama kanga ya kweli inavyokatika ikijifungwa.

Asubuhi ya siku ya pili nikaanza na hiyo slaidi kabla ya salamu hazijaisha. Yule mama alisogea mpaka mbele, akasoma kanga kwa sauti, akasoma "lita 1", akauliza mstari huo ni usawa wa maji au juu ya maji, nikamwonyesha, akarudi kukaa.

Kuna picha moja tu kati ya zile 14 ambayo niliiacha kabisa. Ni ile ya mkanda wa kupimia mkono wa mtoto kujua kama ana utapiamlo, wenye nyekundu chini ya sentimita 11.5, njano mpaka 12.5, halafu kijani. Nilijaribu kuiomba, rangi zilikuja kwa mpangilio wowote, saa ingine kijani kinaanza, na vipimo vyake ni mistari midogo mingi ambayo kila mmoja una maana. Hata ukiiomba tupu huwezi kuweka mistari yote hiyo kwa mkono ikae kwenye mkono uliopinda. Nikachukua mkanda wa kweli nikaulaza mezani karibu na dirisha, nikaupiga picha na simu, nikaifuatisha kwa mistari kwenye Inkscape kwa zile rangi bapa ili ufanane na wenzake, nikaacha nyekundu, njano na kijani zake kama zilivyo hata kama hazimo kwenye zile rangi zangu 6.